Mwanangu, ile paragrafu ya cheti kilichoisha iandike hivi

Mwanangu, nimesoma barua yako ya maombi ya kazi ya uuguzi, iko poa ila hapo kwenye cheti cha BLS, kile cha mafunzo ya kuokoa mtu ambaye moyo umesimama, umeandika "kinashughulikiwa" ukapita, sasa afisa ajira ataelewaje? Hilo neno anaandika hata ambaye hajaanza chochote.

Kwanza angalia kadi yenyewe. Kadi za BLS za American Heart Association zinadumu miaka 2 na zinaisha mwisho wa mwezi, kwa hiyo wewe uliyepewa tarehe 12 Mei 2023 kadi yako imeisha 31 Mei 2025, sio tarehe 12. Andika hiyo 31, maana namba ya kadi wanaweza kuihakiki mtandaoni na tarehe zikipishana utaonekana unababaisha hata kama ni bahati mbaya tu.

Pili, na hapa ndo wengi wanajiumiza, mtu akiona "cheti kimeisha" kwenye barua ya nesi anaweza kudhani ni leseni! Leseni yako iko hai, itaje palepale kwenye sentensi ya kwanza.

Halafu sema umefika wapi. Wewe sehemu ya mtandaoni, ile HeartCode BLS, umeshamaliza, bado vitendo vya kukandamiza kifua na kupumulisha mbele ya mkufunzi. Ile karatasi ya kumaliza sehemu ya mtandaoni sio kadi, usije ukaiita cheti kipya. Mimi ningeandika hivi:

"Leseni yangu ya uuguzi ni hai. Kadi yangu ya BLS iliisha tarehe 31 Mei 2025 na nimeshaanza kuihuisha: sehemu ya mtandaoni nimeimaliza, na mtihani wa vitendo nimepangiwa tarehe 21 Juni 2025. Nimeambatanisha uthibitisho wa yote mawili, na kadi mpya nitaituma mara nitakapoipokea."

Basi, inatosha. Ile stori ya zamu nyingi na kituo kilichoahirisha darasa itoe, wakitaka kujua watakuuliza kwenye intavyuu. Ona pia sijaweka tarehe ya kadi kutoka, kwa sababu kituo kinaweza kuchukua siku kadhaa baada ya mtihani na hilo huliamui wewe.

Iweke baada ya uzoefu wako wa wodini, isiwe ya kwanza kabisa. Na kwenye sivii rekebisha pia, andika "BLS, iliisha Mei 2025, inahuishwa, vitendo 21 Juni", maana barua ikisema hivi na sivii ikisema vile wataamini ile mbaya. Kama tangazo linasema kadi hai lazima iwepo siku ya kutuma maombi, wapigie uulize kwanza, paragrafu nzuri haiondoi sharti. Na tarehe 21 ikisogezwa watumie imeili siku hiyohiyo na tarehe mpya.

Nitumie tena ukishairekebisha, leo usiku niko macho.

Mama