Kabla Hujakata Kitenge: Pima Kwanza Kile Kisanduku

Wateja wetu wengi hapa Kisumu hununua pateni kwa simu, kisha hupeleka faili saiba kuprintiwa. Hapo ndipo sketi huharibika, kabla mkasi haujagusa kitambaa.

Printa nyingi huwekwa zipunguze ukurasa kidogo ili maandishi yasikatwe pembeni. Kwa barua haidhuru. Kwa pateni, sketi yenye upana wa sentimita 104 kwenye hipsi, iliyochorewa mtu wa hipsi 100, ikiprintiwa kwa asilimia 94 hubaki karibu 98. Haivaliki. Ubaya ni kwamba vipande vyote hupungua kwa kiwango kimoja, kwa hivyo alama za kuunganishia hukutana vizuri tu, mishono inalingana, na fundi hashuku lolote hadi mteja ajaribu kuipandisha.

Sisi wenyewe hatukuliona hilo. Tulikuwa tukijaribu pateni kwenye printa yetu, ambayo tuliishaipanga zamani. Aliyetufumbua macho ni mama mmoja wa Kondele, kati ya washonaji sita tunaowapa pateni waijaribu kabla haijauzwa. Alituletea sketi na karatasi zake. Tulipoweka tepu, kisanduku cha sentimita 10, kile tunachochora kwenye pateni ili upime kama imeprintiwa kwa saizi yake, kilikuwa 9.4. Sketi yake tuliiokoa kwa kufumua mishono ya pembeni na kushona tena karibu na ukingo. Tukapata kama sentimita 2.8, ikaingia, lakini kukaa nayo kwenye matatu ni shughuli nyingine.

Tangu siku hiyo kisanduku kiko ukurasa wa kwanza, peke yake. Mwambie wa saiba aprinti huo tu, achague "Actual size" au 100%, asichague "Fit". Pima pande zote mbili, kwa rula na si tepu iliyovutika. Ikiwa kamili 10, printi kurasa 16 zilizobaki. Ikiwa 9.4 au 9.7, umepoteza karatasi moja, si mita mbili za kitenge. Usijaribu kufidia kwa kuongeza pembeni, maana kiuno na urefu navyo vimepungua.

Kuhusu bei: pateni ni shilingi 350, na tunaulizwa kwa nini si 50. Wale washonaji sita tunawanunulia kitambaa, wanashona saizi tofauti, na kila wanapokwama tunaandika upya hatua hiyo. Ila tunajua pia kuna gharama ya saiba. Kwa shilingi 10 kila ukurasa, kurasa 17 ni 170 zaidi, ndiyo maana tulibanabana vipande kutoka kurasa 26 za mwanzo.

Ukiwa fundi, shona na uuze sketi nyingi upendavyo. Faili yenyewe tu ndiyo tunaomba usiisambaze kwenye magrupu. Na kisanduku kikikukataa mara mbili, tutumie picha yake ikiwa na rula kando kabla hujakata.