Picha mbili za Rufiji zinapopishana

Mteja huja na picha mbili za setilaiti za delta ya Rufiji, moja ya Landsat 5 ya miaka ya 1990 na nyingine ya Sentinel-2 ya karibuni, akitaka kujua mikoko imepungua kiasi gani. Kabla ya kupima chochote tunazipandanisha na kutazama kingo za vijito. Kila kijito kikionyesha utepe wa mikoko iliyopotea upande wa mashariki na utepe wa mikoko mipya upande wa magharibi, kwa upana uleule delta nzima, tunajua picha zimepishana. Pikseli ya Landsat 5 ni mita 30. Zikipishana pikseli mbili kwenda mashariki, kila kilomita ya ukingo wa kijito kinachoelekea kaskazini inazaa hekta 6 za mabadiliko ya uongo.

Ramani ya zamani haitufai hapa, maana vijito vimehama tangu ichorwe. Kwa hiyo tunaifanya Sentinel-2, yenye pikseli ya mita 10, kuwa msingi, kisha tunaifunga Landsat juu yake kwa nukta za kuunganishia: mahali palepale panapoonekana kwenye picha zote mbili.

Kuchagua nukta ndiko kunakokula muda. Nchi kavu, upande wa magharibi, zipo njia panda. Ndani ya delta hakuna. Ukingo wa maji hauaminiki, kwa kuwa picha moja huenda ilipigwa maji yamejaa na nyingine yamekupwa. Sisi hutafuta makutano ya vijito vyembamba ndani kabisa ya mikoko, na nukta tunaiweka katikati ya mkondo: maji yakijaa, kijito hupanuka pande zote mbili, lakini katikati hapasogei sana. Tukiziacha nukta zote zirundikane nchi kavu, upande wa bahari utapinda bila sisi kujua.

Katika QGIS tunatumia `Georeferencer` na kuchagua `Polynomial 1`. Hesabu hiyo inatosheka na nukta 3, na kwa nukta 3 programu itakuonyesha kosa sifuri hata kama umezikosea zote! Kwa hiyo tunaweka 24: 18 za kufungia picha, na 6 tunazificha hadi mwisho. Hizo 6 ndizo tunazoziamini. Zikipishana kwa wastani chini ya nusu pikseli, yaani mita 15, tunaendelea. Zikizidi, tunarudi kukagua nukta moja moja.

Kazi hii inazipatanisha picha zenyewe kwa zenyewe tu. Sentinel-2 ikiwa imesogea mita kadhaa kutoka mahali halisi, Landsat nayo itasogea vilevile. Ukubwa wa eneo lililobadilika utakuwa sahihi, lakini usichukue kutoka humo majira ya nukta ya kwenda kuchimbia bikoni ya shamba. Kwa hilo tunakuja na kipokezi cha GPS na kupima ardhini.