Barua kwa mwanangu: madai ya bibi yako yalivyokataliwa

Mwanangu mpendwa,

Bibi yako anakutegemea umpeleke NSSF wiki ijayo. Jana tulizungumza naye jioni nzima juu ya ile barua ya kukataliwa pensheni, nami nataka uyajue tuliyozungumza kabla hamjafika dirishani. Ukienda bila kuyajua, mtarudishwa tena.

Swali lake la kwanza lilikuwa hili: "Baba, nimekatwa mshahara miaka kumi na mitano. Wananinyimaje?" Nikamwambia, mama, hawajasema huna haki. Wamesema miezi wanayoiona haitoshi. Ili mtu alipwe pensheni ya uzee kila mwezi, pamoja na kufikisha umri, lazima awe amechangiwa miezi isiyopungua 180, yaani miaka kumi na mitano kamili. Kinachohesabiwa ni mwezi ambao mchango umeingia na kuandikwa kwenye namba yake. Mwezi aliofanya kazi lakini mchango haukuonekana, kwa kompyuta ni kama haukuwepo. Taarifa yake ya michango inaonyesha miezi 142.

Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza hiyo mingine imekwenda wapi. Tukaitafuta pamoja, mwajiri mmoja mmoja.

Kwa mwajiri wa kwanza alifanya kazi kuanzia Februari 2008 hadi Juni 2010. Hiyo ni miezi 29. Alipohamia kwa mwajiri wa pili, Septemba 2010, hakuna aliyemuuliza kama ana namba ya uanachama, naye hakujua kwamba namba ni ya mtu maisha yake yote, hata akibadili kazi mara kumi. Wakamwandikisha upya. Mara ya kwanza aliandikishwa kwa jina la baba yake, mara ya pili kwa jina la babu yako. Kwa hiyo kwenye vitabu kuna wanawake wawili: mmoja ana miezi 29, mwingine ana 142. Madai yalifunguliwa kwa namba ya pili peke yake.

Hapo akapumua, akasema basi yamekwisha. Nikamwambia bado, mama. Tukijumlisha tunapata 171, na tunahitaji tisa zaidi. Kwa mwajiri wa pili alikaa hadi Juni 2023, na hiyo ni miezi 154. Inayoonekana ni 142. Pengo ni la miezi 12, kuanzia Aprili 2018 hadi Machi 2019.

Kwa hiyo, mwanangu, kazi ziko mbili, na ya kuunganisha namba itangulie. Hiyo haimtegemei mwajiri, na ndiyo inayoonyesha pengo halisi ni kubwa kiasi gani. Kabla ya yote muulize bibi yako kwa upole kama aliwahi kuchukua michango ya ile kazi ya kwanza alipoondoka. Mimi ameniambia hakuchukua, lakini muulize tena, maana michango ambayo mtu amekwisha kuichukua haihesabiwi tena na hesabu yetu yote itabadilika.

Kwa kuunganisha, mwende na kitambulisho chake cha NIDA, kadi zote mbili za uanachama, cheti cha ndoa, na kiapo cha majina. Kiapo hicho anakula mbele ya wakili au hakimu, na ndicho kinachosema kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja. Hapa watu wengi hukosea. Wanaandika majina kama wanavyoyatamka nyumbani, wakati yanatakiwa yaandikwe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kila kadi, hata kama kadi ilikosewa. Kama kadi ya 2008 imeandika "Halma" badala ya "Halima", kiapo kiitaje "Halma" hiyo hiyo na kieleze kuwa ndiye yule yule. Namba zote mbili za uanachama ziandikwe ndani ya kiapo. Kikizitaja nusu, mtaambiwa mkakiandike upya, na wakili mtamlipa mara ya pili.

Sasa ile miezi 12. Mchango wa mwanachama ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi hakatwi zaidi ya asilimia 10. Mwaka ule bibi yako alikuwa analipwa shilingi 300,000. Alikatwa 30,000, mwajiri alipaswa kuongeza 30,000, na 60,000 ziingie NSSF kwenye namba yake kila mwezi. Slipu zake za mshahara zinaonyesha makato. Kwa maana hiyo pesa yake ilitoka mkononi mwake. Swali ni iliishia wapi, na lina majibu mawili yanayotibiwa tofauti.

Njia ya kujua ni rahisi. Watafute wenzake wawili watatu waliofanya kazi naye mwaka ule, uwaombe waangalie taarifa zao za michango. Kama nao wana pengo la miezi ile ile, mwajiri alikata akakaa na fedha. Hapo mnaandika malalamiko, mnaambatisha slipu, na Mfuko unamdai mwajiri, kwa kuwa deni hilo ni lake kisheria na wakaguzi wana mamlaka ya kufungua vitabu vyake vya mishahara. Wenzake wakilalamika pamoja naye itakuwa vizuri zaidi. Lakini kama taarifa za wenzake zimejaa na yake peke yake ina tundu, basi fedha ilipelekwa. Kuna uwezekano mkubwa namba yake ilikosewa kwenye orodha ya mwajiri, na michango imekaa bila mwenyewe au imeingia kwa mtu mwingine. Hapo msigombane na mwajiri. Mwombeni nakala za orodha na stakabadhi za miezi hiyo, mzipeleke ofisini wazisahihishe.

Bibi yako aliniuliza pia, "Na kama slipu nyingine zimepotea?" Zilizopo ni tisa. Kwa bahati, tisa ndizo tunazohitaji kufika 180, lakini hazitupi hata mwezi mmoja wa akiba, kwa hiyo tafuta na taarifa ya benki ya mwaka ule inayoonyesha mshahara ukiingia, pamoja na barua yake ya ajira. Taarifa ya benki peke yake haionyeshi makato, ila inathibitisha alikuwa kazini.

Kuna jambo moja nakusihi sana. Wanaweza kumweleza kwamba kwa miezi aliyonayo anaweza kulipwa mkupuo. Ni kweli, ni haki ya asiyefikisha 180, na tukishindwa kabisa tutauchukua. Lakini asiusaini sasa. Mkupuo analipwa mara moja, pensheni analipwa mpaka mwisho wa maisha yake. Jana alitamani achukue tu amalize, kwa sababu amechoka na safari za ofisi. Usimlaumu kwa hilo, mwanangu. Mwambie tu asubiri tujue hatima ya ile miezi 12.

Barua ya kuomba madai yaangaliwe upya nimeiandika, imo ndani ya bahasha hii. Imetaja kumbukumbu namba ya barua yao na imeelekezwa kwa meneja wa ofisi ya mkoa. Toa nakala mbili. Moja waachie, nyingine wagonge muhuri wa kupokea wenye tarehe, urudi nayo. Slipu halisi usimwachie mtu yeyote. Waonyeshe, wachukue nakala, uzirudishe kwenye bahasha mbele ya macho yao. Mwondoke nyumbani mapema, bibi asisimame foleni juani, na umchukulie maji na dawa yake ya presha ya saa sita.

Baba yako