Ukishasema pole: barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi huku Pangani hatujambo, mvua tu ndiyo imezidi. Nimeupata ujumbe wako kwamba ulifika hospitali ya Bombo kumwona bamkubwa wako, ukampa pole, akaitikia "ahsante", kisha mkatazamana mpaka nesi akapita kutoa watu. Unaniuliza ulipaswa kuendelea na neno gani. Mambo haya kwenye simu hayaelezeki, kwa hiyo nakuandikia. Katika kazi yangu ya uuguzi nimewaona watu wazima wengi, wasemaji hodari huko nje, wakifika kando ya kitanda wanakwama hapo hapo ulipokwama wewe.

Jumamosi ukirudi, anzia mlangoni. Wodi ile ina vitanda vingi na kila aliyelala anakuona ukiingia. Toa salamu ya wote: "Asalaam aleikum, poleni jamani." Wataitikia wanaoweza. Ukifika kwa bamkubwa, wape pole kwanza jirani zake wa kulia na kushoto, kwa sababu hao ndio wanaomwitia nesi usiku akizidiwa. Kisha mgeukie yeye, na uanze na shikamoo. Vijana siku hizi huiruka, wakidhani kwa mgonjwa pole inatosha. Mzee aliyelala, anayeogeshwa na watu wengine, anataka zaidi kuliko siku zote kusikia kwamba bado ni mkubwa wako. "Shikamoo bamkubwa." "Marahaba mwanangu." "Pole sana." "Ahsante, nimeshapoa."

Hapo ndipo wengi wanapopotelea. Akisema "nimeshapoa" au "sijambo", ameitikia kwa adabu tu, hajakueleza hali yake. Ukimjibu "alhamdulillahi, basi vizuri", umemfungia mlango. Na ukimuuliza "unaendeleaje?", atakwambia "naendelea vizuri", kwa kuwa ndivyo alivyowajibu wote waliokuja tangu asubuhi. Muulize kitu kidogo anachoweza kukijibu bila kutafuta maneno: "Usiku umelalaje?" Mwenye kuumwa usiku wake ni mrefu, na hakuna asiyejua alivyolala. Akitaka kusema machache atasema "nililala kidogo", na akitaka kusema mengi ana pa kuanzia. Vuta kiti usogee karibu, usimame au ukae mahali anapokuona bila kugeuza shingo. Kitandani usikae. Godoro likitikisika kidogo tu, kidonda kinamuuma, naye kwa heshima hatakwambia.

Tuseme amekujibu: "Afadhali ya jana, ila alfajiri maumivu yalinizidi." Usiruke ukaingia kwenye habari yako ya kazini. Fuata alipokuongoza: "Alfajiri ndiyo yalizidi? Na sasa hivi?" Maneno mafupi kama hayo yanamtosha kujua kwamba unamsikiliza. Wala usikimbilie kumpa dawa ya mtu fulani wa Muheza aliyepona kwa mizizi. Na yule jirani aliyekatwa mguu kama yeye kisha akafariki, jamani, asitajwe kabisa. Usingeamini ni wageni wangapi huja wodini na hadithi hiyo, kwa nia njema kabisa, wakaondoka wamemwacha mtu anahesabu siku zake.

Sasa jambo la mguu wenyewe, maana najua ndilo lililokufunga mdomo. Wamemkata chini ya goti kwa sababu ya sukari. Kidonda cha kidole kilipanda na damu haikuwa inafika vizuri chini. Wewe utaona shuka imelala bapa pale unapopaswa kuwa mguu. Usiikodolee macho, na usijifanye hujaona. Usiombe kuona kidonda. Yeye akilitaja, nawe litaje kwa jina lake, mguu, kwa sauti ya kawaida. Na jiandae kwa hili: anaweza kukwambia kwamba unyayo unamwasha, unyayo ule ule ambao haupo. Hajachanganyikiwa. Mishipa ya fahamu iliyokuwa ikileta habari kutoka kwenye mguu imekatwa, lakini ubongo bado unapokea habari kana kwamba mguu upo, na wengi waliokatwa kiungo huhisi kuwashwa, kubanwa, hata maumivu makali. Ukimjibu "mguu gani, bamkubwa?" atanyamaza, na hatamwambia mtu tena. Mwambie: "Unawasha sana? Umemweleza daktari?" Kama hajaeleza, muulize kama angependa umwambie nesi, kwa sababu maumivu hayo yana dawa zake, tofauti na hizi za kawaida za kutuliza. Mgonjwa anayeona haya kulisema jambo hili hukesha nalo peke yake.

Baada ya hapo mpe habari za nyumbani. Mgonjwa hulala wodini lakini mawazo yake yako kwake. Bamkubwa atataka kujua duka anafungua nani, wajukuu wanakwenda shule, na kama bati la jikoni limezibwa kabla ya mvua hii. Mwambie kweli, na uchague iliyo nyepesi. Kama bati halijazibwa sema halijazibwa, na useme nani atalizibia. Usimdanganye, maana mama mkubwa wako atamwambia jioni.

Kuna neno moja linawatisha wageni wote. Anaweza kukutazama akasema: "Mwanangu, mimi humu sitoki." Ulimi wako utataka kusema "usiseme hivyo, utapona tu!" Uzuie. Ukisema hivyo umemnyamazisha ili wewe upate raha. Muulize taratibu: "Nini hasa kinakutia hofu, bamkubwa?" Kisha nyamaza, hata kimya kikirefuka. Nilipokuwa kazini niliona kwamba mara nyingi nyuma ya neno hilo pana kitu kinachoshikika: deni la mtu wa mbao, karatasi za kiwanja asizojua ziko kwa nani, au woga wa kupelekwa tena chumba cha upasuaji. Deni na karatasi wewe unaweza kubeba ujumbe wake. Hilo la upasuaji, mwombe ruhusa mumwulize daktari pamoja. Usiahidi usichokiweza, na usimtabirie bamkubwa kile ambacho daktari atasema.

Maradhi yenyewe usiyaulize kwa sauti katikati ya wodi. Kwa bamkubwa sisi tunajua, lakini kesho utakwenda kumwona mtu mwingine, mwenzako wa kazini labda. "Unaumwa nini hasa?" ni swali linalomlazimisha kutaja siri yake mbele ya watu ambao hakuwachagua. Akitaka ujue atakwambia. Asipokwambia, pole yako haijapungua kitu. Na lile la "mbona umekonda hivi!" linaumiza kuliko anayelisema anavyofikiri, hata likisemwa kwa huruma.

Chakula usipeleke kabla hujazungumza na mama mkubwa. Bamkubwa anadungwa insulini, na sindano ile huenda na mlo wake. Juisi ya boksi au andazi la katikati huvuruga hesabu ya nesi. Pia akiwa amepangiwa kurudi kusafishwa kidonda chini ya dawa ya usingizi, ataambiwa asile kitu, na mgeni anayemlisha kwa mapenzi anaweza kusababisha kazi iahirishwe. Lakini ukimwona ghafla anatoka jasho jembamba, anatetemeka, au maneno yake hayafuatani, usikae ukimpa pole. Mwite nesi hapo hapo, useme ana sukari na anatetemeka, maana huenda sukari imeshuka.

Muda wako uwe mfupi. Utajua amechoka kabla hajasema: majibu yanakuwa "mm", macho yanafumba, anavuta shuka kifuani, au anageukia ukutani. Usisubiri muda wa kutazama wagonjwa uishe ndipo utoke. Sema: "Basi bamkubwa, nakuacha upumzike. Ugua pole. Mwenyezi Mungu akuafu, akupe shifaa." Ataitikia amin. Ile dua ya Mtume, "la ba'asa, twahuurun inshaallah", unaijua tangu madrasa, na bamkubwa ataifurahia. Kwa mgonjwa Mkristo, "Mungu akuponye" inafaa, na ukimwombea kwa maneno yake mwenyewe anayoyajua inafaa zaidi. Kama una chochote cha kumwachia, kiweke mkononi mwake au chini ya mto kwa siri, useme ni ya maji. Ukitoka, waage na wale jirani: "Ugueni pole, wazee wangu." Kitanda cha pembeni huwa kuna mtu ambaye hajapata mgeni. Huyo simama naye kidogo.

Kisha mtafute mama mkubwa, na utamkuta nje kwenye benchi na chupa ya chai. Yeye naye ana pole yake: "Pole kwa kuuguza." Watu humpita mbio kwenda kwa mgonjwa, na wakirudi humuuliza daktari kasemaje. Swali hilo la daktari ni lake yeye, ndiyo, na mahali pake ni pale nje, si kando ya kitanda. Lakini kwanza muulize amelala wapi na amekula nini. Usimwambie "ukihitaji chochote sema", kwa sababu hatasema. Mwambie: "Leo jioni nitakaa mimi hapa, wewe nenda ukaoge na ulale." Kisha ukae kweli.

Akisharudi nyumbani mambo yatabadilika kidogo, kwa kuwa hakutakuwa na nesi wa kutoa watu. Wageni watamjaa sebuleni, na kila mmoja atataka asimuliwe upya tangu kidole kilipoanza kuuma. Piga hodi, ukae kwa wenyeji kwanza, uulize kama ameamka. Kama amelala, acha salamu uende zako, ataambiwa ulikuja. Na ukimkuta amezungukwa, mpe mkono, mpe pole, ukae pembeni, usimrudishe kwenye hadithi. Wiki zitapita, wageni watapungua, naye atakuwa anajifunza kutembea na magongo. Hapo ndipo ningependa uende mara kwa mara, hata bila sababu, mkae barazani mzungumze mpira.

Nimempa kondakta wa basi la asubuhi mfuko una shuka mbili, kikoi na sabuni. Uchukue Ijumaa, kisha umpigie mama mkubwa usiku kumuuliza kama Jumamosi bamkubwa ameambiwa asile.

Mama yako