"Nimeshatumia kamusi, mbona mnanitoza uhariri kamili?"

Swali hili tunaulizwa kila mara, na mwezi uliopita mteja mmoja aliondoka akiamini tumemwibia. Ripoti yake ilikuja na maelezo kwamba amekwisha kuisafisha mwenyewe, tupitie herufi tu. Ukurasa wa pili tukakutana na "machangamoto haya yalianza".

Alikuwa amechoka kurudia neno "tatizo". Akafungua Kamusi ya Visawe, ile ya Mohamed A. Mohamed na Said A. Mohamed, kisha akaiamuru kompyuta ibadilishe "tatizo" liwe "changamoto" kila lilipo. Kompyuta ikalikuta neno hilo hata ndani ya "matatizo". Hayo yanaonekana upesi. Yaliyotuchosha ni yaliyojificha: "tatizo kubwa" likawa "changamoto kubwa", halina kosa, lakini mstari uleule ukaendelea "lililotupata", na mbele kidogo "changamoto jipya".

Kamusi ya Kiswahili Sanifu ingemwonya. Mbele ya tatizo utaona [li-/ya-], na mbele ya changamoto [i-/zi-]. Wengi huvuka mabano hayo wakikimbilia maana, ilhali kwa mwandishi yanabeba nusu ya kazi. Ukibadili ngeli, huna budi kufuata kivumishi, kiwakilishi, kitenzi na kirejeshi mpaka mwisho wa sentensi, na mara nyingi hadi sentensi ya pili: "Matatizo makubwa yaliyotupata" ni "Changamoto kubwa zilizotupata". Amri ile ya kubadilisha neno haifanyi hivyo.

Maana nayo ina mipaka. Mteja mwingine aliandika kwamba meneja alikabiliwa na lawama, akaona "tuhuma" linapendeza zaidi. Kulaumiwa ni kuambiwa umekosea. Kutuhumiwa ni kushukiwa uovu ambao haujathibitishwa. Tuliinusa sentensi hiyo kabla haijachapwa, na nafurahi mpaka leo.

Kwa hiyo tukiulizwa vitabu vya kununua, hatutaji visawe kwanza. Anza na Kamusi ya Kiswahili Sanifu, toleo la karibuni, si lile la 1981 ulilorithi. Iweke pamoja na Kamusi Kuu ya Kiswahili ya BAKITA, iliyotoka 2015. Zikitofautiana, chagua moja na uishike kazi nzima. Kwa sarufi, Sarufi Miundo ya Kiswahili Sanifu ya Massamba, Kihore na Hokororo (1999) ndiyo tunayoifungua sentensi ndefu inapotushinda kuichambua. Kamusi ya visawe ije baada ya hizo, ikukumbushe neno ulilolisahau, kisha ukalihakiki kwenye kamusi kubwa.

Ripoti ile tulianza kwa kuomba nakala ya kabla ya mabadiliko. Hakuwa nayo. Ikabidi tusome kila sentensi yenye neno "changamoto", tukiamua moja moja ibaki au irudi kuwa tatizo. Bei aliyolipa ni ya saa hizo.