Kabla Hujampokea Mdogo Wako

Mwanangu Rehema,

Hatujambo huku. Nimefurahi kwamba Zawadi atakaa nawe Dodoma likizo yote ya Desemba. Ila jua kwamba alivunja ungo mwezi Agosti, akiwa na miaka 12, sawa na wewe ulivyokuwa. Akili inakwenda polepole lakini mwili haukuisubiri.

Damu haikumshtua. Miezi kadhaa kabla yake nilikuwa namvalisha pedi siku mojamoja ili aizoee, kisha nikawa naidondoshea rangi nyekundu ya chakula tukafanya mazoezi ya kubadilisha. Kwenye chupi zake nimechora umbo la pedi kwa wino usiofutika, naye anaibandika juu ya mchoro. Saa hajui kusoma, kwa hiyo abadilishe akiamka, baada ya uji wa saa nne, baada ya chakula cha mchana, akioga jioni na kabla ya kulala. Iliyotumika anaifunga kwenye gazeti, anaitupa kwenye ndoo yenye mfuniko, ananawa. Akikwama, mwonyeshe hatua ile tu, usimmalizie kazi. Ukimwona anajing'ata mkono na kukataa chakula, huenda ni tumbo. Kusema linauma bado hajaweza.

Kwenye faragha nilikosea mimi. Mara ya kwanza alipoivaa vizuri nilimpigia makofi sebuleni. Kesho yake akapandisha gauni mbele ya mjomba wako ili naye ampigie makofi! Nikamwambia, "Usiwaonyeshe watu." Wiki haikuisha akamwonyesha jirani. Kwake "watu" ni wageni asiowajua. Jirani ni jirani. Sasa nasema hivi: pedi ni chooni na chumbani, mlango umefungwa; wanaomsaidia ni mama, Rehema na shangazi. Picha zetu tatu nimezibandika mlangoni, nawe zibandike kwako, kwa sababu alichojifunza nyumba hii hakibebi mpaka nyingine mpaka afundishwe tena hukohuko. Nanyi mpige hodi kabla ya kuingia chumbani kwake.

Sehemu za mwili tunazitaja kwa majina yake: matiti, uke, makalio. Mambo ya "huko chini" yaacheni, maana akiguswa lazima aweze kusema wapi.

Kilichonichosha zaidi ni kukumbatia. Tangu mdogo tulimfunza kumtii kila mkubwa na kumkumbatia kila anayekuja, tukamsifu ana upendo. Mtu mbaya hahitaji zaidi ya hapo. Siku hizi wageni anawapa mkono tu. Tunamfanyisha mazoezi ya kusema "Sitaki!", kuondoka na kuja kuniambia. Kwa hiyo akikukatalia kusukwa nywele, mwache. Ukimlazimisha, neno lile litakuwa halina kazi. Mumeo naye mweleze, asije akaona ni utovu wa adabu akikataa kumkalia mapajani.

Nimemwekea pakiti mbili za pedi na chupi sita zenye mchoro. Basi linatoka saa kumi na mbili asubuhi, nitakupigia likiondoka.

Mama yako