Mdogo wangu, kushiba siyo kupona

Mdogo wangu,

Juzi ulinipigia kutoka Igombe ukasema unakula mpaka unashiba, lakini mwili haurudi. Ulianza dawa za TB ukiwa na kilo 47, na sasa umemaliza miezi 2 ya mwanzo una 48. Hiyo kilo moja inaninyima usingizi. Mtu aliyeanza dawa akiwa amekonda anatakiwa aongeze angalau asilimia 5 katika miezi hiyo. Kwako ni kilo mbili na ushee. Asipofikisha, hatari ya ugonjwa kurudi inakuwa kubwa zaidi.

Nilikuuliza unakula nini, ukaniambia ugali wa udaga asubuhi uliobaki usiku, mchana ugali na mchuzi wa sato, usiku hivyo hivyo. Minofu unawaachia watoto. Najua moyo wako, lakini hapo ndipo shida ilipo. Homa ya miezi yote ile ilikuwa ikila nyama ya mwili wako, na misuli haijengwi kwa muhogo, kwa sababu unga wake karibu hauna protini. Mchuzi nao una ladha ya samaki tu. Unashiba, ila fundi hajaletewa matofali.

Kwa uzito wako unahitaji protini kama gramu 60 hadi 70 kwa siku. Hazihitaji pesa za kutisha. Asubuhi kunywa uji wa ulezi uliopikwa kwa kikombe cha maziwa na vijiko viwili vilivyojaa vya karanga za kusaga: hapo una karibu gramu 20. Mchana kula ugali wa mahindi na dagaa wakavu, kiganja kilichojaa, kama gramu 30 kabla ya kupikwa. Hao peke yao wanakupa gramu 17 hivi, na unga wa mahindi unaongeza zake. Wakaange kwa mafuta, maana kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori zipatazo 120, na wewe unahitaji nguvu ya ziada pia. Bila nguvu ya kutosha, mwili huichoma protini kama kuni. Usiku kula wali na kikombe cha maharage, na yai likipatikana. Tumbo likikataa sahani kubwa, gawa mara tano au sita.

Dawa zako meza asubuhi tumbo likiwa tupu kama ulivyoelekezwa, uji ufuate baadaye. Zikikuchefua, waambie kliniki, usiziache.

Na hii kilo moja usiichukulie kuwa ni chakula peke yake. Wiki hii nenda na kadi yako, waambie uzito haupandi. Watapima makohozi tena, na uombe wakuangalie sukari na VVU kama bado. Kila ukienda, hakikisha unapanda kwenye mizani, kwa sababu idadi ya vidonge hufuata uzito: ukifika kilo 55, huenda vikaongezwa kutoka vitatu hadi vinne.

Dada yako